Jedwali la miruko, na kitufe cha Enter kilichowasha hita

(Hotuba kwa mafundi wa elektroniki, Mbale)

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu wa kazi, ndugu zangu mafundi, habari za asubuhi. Humu ndani naona Wagisu, naona Waiteso, naona jamaa zangu wa Tororo, na wapo wenzetu waliovuka Malaba alfajiri ili wawahi. Basi nitasema Kiswahili, kila mtu apate chake.

Nimepewa saa moja, na nimeamua kuitumia yote kwa kitu kimoja kidogo: njia ya kuifanya bodi ipokee herufi moja kwenye laini ya siriali, kisha iende moja kwa moja kwenye rutini ya herufi hiyo. Kwa lugha ya asembli tunaliita jedwali la miruko. Mistari yake haizidi thelathini. Lakini mistari hiyo iliwahi kuniharibia mayai ya mtu, na namna ilivyoyaharibu ndiyo itakayotufundisha jedwali lenyewe linavyofanya kazi.

Mama mmoja mfugaji wa kuku, karibu na Nagongera, ana mashine ya kutotoleshea vifaranga: trei nane, mayai 240. Joto la kawaida, nyuzi 37.5, linasimamiwa na kidhibiti kilichokuja na mashine. Shida yake ilikuwa umeme. Ukikatika kwa saa mbili halafu ukarudi, hita ya mashine inachukua muda mrefu kulirudisha joto mahali pake. Akaniomba nimwekee hita ya pili, ya kusaidia, aiwashe na kuizima kwa simu akiwa sebuleni. Nikachukua ATmega328P ya megahezi 16, moduli ya HC-05 ya kuongea na simu, rilei moja, na kipima joto. Amri zikawa herufi: A kusoma joto, B kusoma unyevu, C kuwasha hita ya pili, D kuizima, E kugeuza mayai, F kuwasha feni, H kuuliza hali ya mashine. G niliiacha wazi, nikaiwekea akiba.

Mwanzoni niliandika kama wengi wetu tunavyoandika. Herufi ikiingia, linganisha na A. Ni yenyewe, nenda. Siyo, linganisha na B. Na kuendelea hadi mwisho. Wengi huambiwa kwamba ubaya wa mnyororo huo ni uzito. Tuhesabu. Kila ulinganisho usiofaulu ni `cpi` na `breq`, mapigo mawili ya saa. Kuifikia H, iliyo ya nane mkiihesabu na G, ni mapigo 17. Kwa megahezi 16 hiyo ni kama sekunde moja iliyogawanywa mara milioni. Na baiti moja kwenye laini ya 9600 inachukua zaidi kidogo ya milisekunde moja kufika, yaani mapigo zaidi ya 16,000. Bodi inakaa bure muda wote huo. Kwa hiyo anayewaambia mtengeneze jedwali ili amri nane za siriali ziende kasi, hesabu haiko upande wake. Jedwali lenyewe linatumia mapigo 13.

Kilichonihamisha ni kitu kingine. `breq` ina mkono mfupi: inafika maneno 63 mbele au 64 nyuma, basi. Rutini ya kugeuza mayai ilipokua, rutini zilizoifuata zikasogea mbali, na asembla ikakataa kwa sababu mruko haufiki. Unaanza kuweka `rjmp` za kusaidia katikati, unageuza `breq` kuwa `brne`, na baada ya mwezi mmoja hujui tena mlango gani unaingia wapi. Jedwali linaondoa fujo hiyo. Amri mpya ni mstari mmoja, na rutini inakaa popote ndani ya maneno 2,000 hivi kutoka kwenye jedwali, maana huo ndio urefu wa mkono wa `rjmp`.

Sasa lichukulieni jedwali kama zile nyumba za kupanga, vyumba mstari mmoja, kila mlango upana uleule. Huhitaji kusoma jina mlangoni. Unasimama kwenye mlango wa kwanza, unahesabu hatua, unaingia. Kwenye chipu hii `rjmp` moja ni neno moja, biti 16, na huo ndio upana wa mlango wetu:

```
jedwali:
    rjmp  joto_soma    ; A
    rjmp  unyevu_soma  ; B
    rjmp  hita_washa   ; C
    rjmp  hita_zima    ; D
    rjmp  mayai_geuza  ; E
    rjmp  feni_washa   ; F
    rjmp  sema_kosa    ; G
    rjmp  hali_sema    ; H
```

Na huyu hapa ndiye anayehesabu hatua. Hivi ndivyo nilivyoandika mara ya kwanza, kosa likiwa ndani yake, na nawaomba mlitafute kabla sijalitaja:

```
pokea:
    lds   r16, UCSR0A
    sbrs  r16, RXC0
    rjmp  pokea
    lds   r16, UDR0
    subi  r16, 'A'
    cpi   r16, 8
    brge  kosa
    ldi   ZL, low(jedwali)
    ldi   ZH, high(jedwali)
    clr   r17
    add   ZL, r16
    adc   ZH, r17
    icall
    rjmp  pokea
```

Tuipitishe herufi C. C ni 0x43. Tunatoa 0x41, ambayo ni A, inabaki 2. Mbili ni ndogo kuliko nane, tunaendelea. Rejista Z inabeba anwani ya jedwali, tuseme 0x0120. Tunaongeza 2, inakuwa 0x0122. `icall` inaweka kwenye rundo anwani ya kurudia, kisha inaruka hadi 0x0122, inaikuta `rjmp hita_washa`, inaingia. Rutini ikifika kwenye `ret`, inarudi chini ya `icall`, siyo kwenye jedwali, kwa sababu `rjmp` haigusi rundo. Rutini zote nane zinarudi mahali pamoja, na hilo peke yake lilinifanya nilipende jedwali.

Wanaotumia asembla ya Atmel waangalie jambo moja hapa. Sikuizidisha anwani ya jedwali kwa mbili. `icall` na `ijmp` zinahesabu maneno, na lebo za asembla hiyo ni za maneno pia, kwa hiyo zinaelewana. Wako wanaoweka anwani tupu kwenye jedwali kwa `.dw` na kuzisoma kwa `lpm`. Hao wanatakiwa kuzidisha kwa mbili, maana `lpm` inahesabu baiti. Wakisahau, wanasoma 0x0120 ya baiti, ambayo ni neno 0x0090, msimbo wa mambo mengine kabisa, na wanaruka kwenda popote uliposema. Na kwa asembla ya GNU, lebo zenyewe ni za baiti, kwa hiyo anayenakili kutoka huku kwenda kule ashike hesabu yake upya.

Turudi Nagongera. Kwenye karakana yangu mashine ilifanya kazi siku tatu bila tatizo. Natuma A, joto linakuja. Natuma C, rilei inalia tik, taa inawaka. Natuma D, inazima. Nikaipeleka, nikaifunga, nikamwonyesha mama namna ya kutumia simu, nikaondoka.

Siku ya tisa akanipigia. Alisema, "Mwanangu, mashine yako ina joto. Kila nikiiuliza joto, inapanda." Nilimjibu kwamba kuuliza hakuwezi kupandisha joto. Nilikosea kumjibu hivyo, maana alikuwa ameeleza ugonjwa kwa usahihi kuliko nilivyoweza mimi. Siku ya 21, kati ya mayai 240, vifaranga walikuwa 61.

Nilikwenda na kompyuta yangu. Nikaunganisha, nikatuma A. Joto likaja, rilei kimya. Nikatuma mara kumi, kimya. Kisha mama akachukua simu yake, akaandika A, akabonyeza kutuma. Joto likaja, na nyuma yake nikasikia tik. Rilei ilikuwa imeshika. Hakuna aliyetuma C.

Tofauti ilikuwa hii. Programu ya kompyuta yangu inatuma herufi peke yake mara unapoibonyeza. Ile ya simu ilikuwa imepangwa kuongeza mwisho wa mstari: baada ya A inatuma 0x0D na 0x0A, baiti mbili zisizoonekana kwenye kioo. Mimi sikuwa nimewahi kuipelekea bodi kitu chochote nje ya herufi zangu.

Sasa tuipitishe 0x0D kwenye msimbo wangu. 0x0D ukitoa 0x41 unapata 0xCC. Ukiisoma kama namba isiyo na alama, ni 204, na 204 inaizidi nane kwa mbali, inapaswa kwenda kwenye kosa. Lakini `brge` husoma namba zenye alama. Kwake 0xCC ni hasi 52, na hasi 52 ni ndogo kuliko nane, kwa hiyo hakuona kosa, akapita. Halafu `add` na `adc` zikaongeza 204 nzima, kwa sababu zenyewe hazijui hasi. Z ikawa 0x0120 na 0xCC, jumla 0x01EC. Nyumba ya vyumba vinane, na sisi tumetembea milango 204, tukaingia jikoni kwa mtu.

Nikafungua orodha ya msimbo uliokwisha kusanywa nione 0x01EC ni jiko la nani. Joto nalihifadhi kwa nusu nyuzi, kwa hiyo 76 ni nyuzi 38:

```
01E8  lds   r18, 0x0100   ; joto
01EA  cpi   r18, 76
01EB  brsh  hita_mwisho
01EC  sbi   PORTB, 1      ; rilei
01ED  ret                 ; hita_mwisho
```

Tazameni ilikoangukia. Iliruka kizuizi cha joto chote na kutua moja kwa moja kwenye `sbi` inayowasha rilei. Kisha `ret`. Na kwa kuwa tuliingia kwa `icall`, `ret` ilirudi vizuri kabisa kwenye `pokea`. Bodi haikuganda, haikujiwasha upya, haikuandika takataka. Iliwasha hita ikaendelea na kazi. Ndiyo maana sikuliona: mruko mbovu ukianguka kwenye rutini yenye `ret` unaonekana kama amri halali.

Na ile baiti ya pili, 0x0A? Ukitoa 0x41 ni 0xC9, yaani 201. Inafika 0x01E9. Hapo ni katikati ya `lds`, ambayo ina maneno mawili. Neno la pili ni anwani ya joto, 0x0100. Chipu haijui kwamba ile ni anwani. Inaisoma kama amri, na 0x0100 ikisomwa kama amri ni `movw r0, r0`, kunakili kitu juu yake chenyewe, kusikobadilisha chochote. Kisha ikaendelea kwenye `cpi` na r18 yenye chochote kilichobaki humo. Nawaambia haya ili anayekuta anwani ya ajabu asiseme tu kwamba chipu imechanganyikiwa. Chipu inafanya inachosoma, na orodha ya msimbo itakuonyesha inasoma nini, neno kwa neno.

Dawa yake ni herufi mbili. `brge` iwe `brsh`, ambayo hulinganisha bila alama. 204 inaizidi nane, inakwenda kwenye kosa. Ulinganisho huo mmoja unazuia pande zote mbili: baiti iliyo chini ya A inazunguka na kuwa namba kubwa, iliyo juu ya H ni kubwa tayari. Huhitaji kulinganisha mara mbili.

Nikabadilisha, nikapakia, mama akatuma A. Joto likaja. Halafu bodi ikaanza upya kama imechomolewa na kuchomekwa.

Hili la pili lilikuwa limejificha nyuma ya la kwanza. Rutini yangu ya `kosa` iliandika alama ya kuuliza na kumaliza kwa `ret`. Lakini kwenye `kosa` tunafika kwa `brsh`, na `brsh` haiweki anwani yoyote kwenye rundo. `ret` ikachukua kilichokuwepo. Rundo lilikuwa tupu, kilele chake kikiwa 0x08FF, mwisho wa kumbukumbu ya chipu hii, kwa hiyo ilichota nje ya kumbukumbu na kuruka kusikojulikana. Kwenye jedwali la mwanzo, kabla sijaweka `sema_kosa`, G nayo ilikuwa inaelekea rutini hiyohiyo, na huko `ret` ni sahihi kwa sababu tumeingia kwa `icall`. Rutini moja haiwezi kufikiwa kwa kuitwa na kwa kurukiwa, ikamaliza kwa namna moja. Nikazitenganisha:

```
kosa:
    rcall sema_kosa
    rjmp  pokea
```

`sema_kosa` ndiyo yenye `ret`, na ndiyo iliyo kwenye nafasi ya G. Ukifika kwa mruko unapitia `kosa`. Ukifika kwa jedwali unaenda `sema_kosa` moja kwa moja. Nafasi wazi kwenye jedwali zisiachwe tupu kamwe, kwa maana ukiacha mlango mmoja bila kitu, herufi zote zinazofuata zinahamia mlango wa jirani.

Nikaongeza mistari mingine mitatu, kati ya `lds r16, UDR0` na `subi`. Miwili inanyamazia baiti zote zilizo chini ya 0x20, ili simu ikituma mwisho wa mstari mama asipate alama mbili za kuuliza kila mara. Wa tatu unafanya herufi ndogo na kubwa kuwa sawa kwa kuzima biti ya tano:

```
    cpi   r16, 0x20
    brlo  pokea
    andi  r16, 0xDF
```

Mpangilio huo usigeuzwe. Ukianza na `andi`, nafasi tupu, 0x20, inakuwa sifuri, na kila alama hadi 0x3F inashuka chini ya 0x20. Zote zitanyamaziwa, na mtu aliyetuma 7 kwa bahati mbaya hatajua kwamba amekosea.

Sasa namna ninavyopima kabla mashine haijatoka karakana. Nachomoa hita na mota, nabakiza rilei na taa. Kutoka kwenye kompyuta natuma baiti zote, kuanzia 0 hadi 255, moja moja. Kila moja nangoja jibu, na kwa zile za kimya nangoja milisekunde 100, maana kipokezi cha chipu hakibebi zaidi ya baiti chache ikiwa rutini bado inafanya kazi. E naipa muda wake wa kugeuza. Halafu nahesabu alama za kuuliza.

Hesabu inajulikana kabla. Baiti 256. Ondoa 32 za chini ya 0x20, zinabaki 224. Herufi halali, kubwa na ndogo, ni 16, lakini G na g zinajibu kosa, kwa hiyo zinazofanya kazi ni 14. 224 toa 14 ni 210. Nikipata 209, kuna baiti moja iliyopata mlango usio wake, na nafuatilia nione ni ipi. Nikipata 212, amri moja imekufa, kwa herufi kubwa na ndogo. Bodi ikinyamaza katikati, baiti ya mwisho niliyotuma ndiyo iliyoiua, na kwa toleo la kwanza lenye `brge`, hata kama miruko mibovu ya chini ya A ingerudi salama, ingesimama kwenye 0x49, herufi I, ya kwanza kupita H.

Ile ya Nagongera niliipima pale pale kwenye meza ya mama, naye amekaa pembeni akihesabu pamoja nami kwenye kioo cha kompyuta. Zilitoka 210. Rilei ya hita ilishika mara mbili tu, kwa C na kwa c. Nikachomeka hita, akaandika A kwenye simu yake, akatuma, tukasikiliza.

Asanteni. Mwenye swali juu ya mistari hii aje hapa mbele, nimebeba bodi ileile na orodha ya msimbo wa zamani na wa sasa, tuisome pamoja.